Kujumlisha au kuzidisha? Kuchagua uso wa gharama wa njia ya bomba la maji

Mstari wa kwanza niliochora wa bomba la maji ulikata kinamasi kwa kilomita moja na nusu. Niliuchapisha kwenye karatasi kubwa, nikaupeleka kwa msimamizi wa wachimbaji, mzee aliyekuwa amechimba mitaro tangu mimi niko shule ya msingi. Aliutazama kidogo akaniambia, “Kijana wangu, hili bomba lako limependa matope.” Nikarudi kwenye kompyuta nikiamini kuna kosa kwenye programu. Programu haikuwa na kosa. Ilitafuta njia nafuu kuliko zote juu ya namba nilizoipa, na ikaipata. Kosa lilikuwa kwenye namba, na hasa kwenye namna nilivyozichanganya.

Kwa hiyo sitalinganisha programu hapa. Nitalinganisha njia mbili za kuchanganya mteremko na ufuniko wa ardhi (nyasi, shamba, msitu, kinamasi na kadhalika) kuwa uso mmoja wa gharama. Ya kwanza ni kujumlisha alama zenye uzito. Ya pili ni kuzidisha vigezo vya gharama kwa mita. Kazi inayofuata ni ile ile kwa zote mbili: kila seli ya rasta, yaani kila mraba mdogo wa ramani, ina namba, kompyuta inasambaa kutoka kwenye chanzo ikijumlisha namba hizo seli hadi seli kwa mbinu iliyotokana na ile ya Dijkstra ya mwaka 1959, kisha inafuata nyayo kurudi nyuma kutoka kwenye tangi. Hatua hizo hazina hiari kubwa. Hiari yote iko kwenye namba iliyomo ndani ya seli.

Mfano nitakaoutumia ni huu. Chanzo kiko kwenye mwinuko wa mita 1,642, tangi liko mita 1,585, na maji yanashuka kwa mserereko bila pampu. Kati yao kuna bonde lenye kinamasi, na upande wa kaskazini kuna ubavu wa kilima wenye nyasi na mteremko wa asilimia 20 hivi. Mwanzo na mwisho wa njia havina ubishi. Ubishi uko katikati: ukate kinamasi kwa kilomita 1.5, au uzunguke ubavuni kwa kilomita 2.4?

Namna ya kwanza: kujumlisha

Hii ndiyo inayofundishwa kwenye kozi nyingi, na ndiyo niliyoitumia siku ile. Unaupa mteremko alama, tuseme 1 hadi 9. Unaupa ufuniko alama za kiwango hicho hicho. Kisha unaamua kipi kina uzito zaidi. Mimi niliamua mteremko ni 0.6 na ufuniko ni 0.4, kwa sababu nilisikia kwamba bomba linaogopa mlima.

Alama zangu za mteremko zilikuwa 1 kwa chini ya asilimia 5, 3 kwa asilimia 5 hadi 15, 6 kwa 15 hadi 30, na 9 kwa zaidi ya hapo. Ufuniko: nyasi 1, shamba 3, msitu 6, kinamasi 9. Kwa hiyo seli ya kinamasi tambarare inakuwa 0.6 × 1 + 0.4 × 9, yaani 4.2. Seli ya nyasi kwenye mteremko wa asilimia 20 inakuwa 0.6 × 6 + 0.4 × 1, yaani 4.0.

Zitazame namba hizo mbili. Kinamasi, ambacho ndani yake mtaro unajaa maji kabla hujamaliza kuuchimba, kimekaribiana kabisa na ubavu mkavu wa nyasi. Zidisha kwa urefu: kinamasi 1.5 × 4.2 ni 6.3, ubavu 2.4 × 4.0 ni 9.6. Mstari ukaenda kwenye matope bila kusitasita.

Sababu yake ni kwamba jumla inaruhusu fidia ya sifa moja kwa nyingine. Ubaya wa kinamasi unapunguzwa na uzuri wake wa kuwa tambarare. Sasa kinamasi gani hakiko tambarare? Maji hutuama mahali palipo bapa, ndiyo maana pakawa kinamasi. Na si kinamasi peke yake: mashamba makubwa na nyumba hukaa kwenye tambarare, na msitu mara nyingi hubaki pale ambapo jembe lilishindwa kupanda. Mteremko na ufuniko havitembei kila mmoja kivyake. Jumla inavichukulia kana kwamba vinatembea hivyo, na inatoa punguzo pale pale ambapo hukutaka punguzo.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani upesi. Njia inategemea uwiano kati ya seli na seli. Ukizidisha ramani nzima kwa 10, mstari hausogei hata kidogo. Lakini ukiongeza 1 kwenye kila seli, unaweza kusogea, kwa sababu umeupa urefu nguvu zaidi dhidi ya ugumu wa ardhi. Maana yake, kuanzia alama 1 au kuanzia alama 3 tayari ni uamuzi kuhusu njia, ingawa aliyeandika jedwali alidhani anapanga tarakimu tu.

Namna ya pili: kuzidisha

Hapa unaanza na kitu ambacho mkandarasi anakijua: mita moja ya mtaro kwenye ardhi nyepesi, tambarare, yenye nyasi. Hiyo uite 1. Kisha unauliza, mita kama hiyo kwenye msitu ni mara ngapi? Kwenye kinamasi? Kwenye ubavu wa asilimia 20? Kila jibu ni kigezo, na seli inapata kigezo cha ufuniko mara kigezo cha mteremko.

Namba za mfano ninazozitumia ni hizi: mteremko 1.0, 1.2, 1.7 na 3.0 kwa madaraja yale yale manne, nyasi 1.0, shamba 1.3, msitu 2.0, kinamasi 5.0. Usizinakili kama zilivyo. Zinategemea mashine zilizopo, kina cha mtaro na aina ya bomba. Hivi ndivyo namna zote mbili zinavyoziona seli zile zile:

| Seli | Kujumlisha (0.6/0.4) | Kuzidisha |
|---|---|---|
| Nyasi, tambarare | 1.0 | 1.0 |
| Shamba, asilimia 10 | 3.0 | 1.56 |
| Nyasi, asilimia 20 | 4.0 | 1.7 |
| Msitu, asilimia 20 | 6.0 | 3.4 |
| Kinamasi, tambarare | 4.2 | 5.0 |

Kinamasi sasa ni 1.5 × 5.0, yaani 7.5. Ubavu ni 2.4 × 1.7, yaani 4.08. Mstari unapanda ubavuni.

Mtu anaweza kunijibu kwamba nimepanga namba ili nishinde, na kwamba hata kwenye jumla ningebadilisha uzito tu. Ni kweli, na hapo ndipo tofauti yenyewe ilipo. Tujaribu. Uzito wa mteremko ukiuita w, kinamasi kwenye jumla kinagharimu 1.5 × (9 − 8w), na ubavu unagharimu 2.4 × (1 + 5w). Viwili hivyo vinalingana w ikiwa 0.46 hivi. Kwa hiyo ukiugawa uzito nusu kwa nusu, bomba linakwenda matopeni. Mwenzako akisema 0.45, linakwenda ubavuni. Mnaweza kukaa kikao cha siku nzima mkibishana kati ya 0.50 na 0.45, na hakuna kifaa wala mtu duniani atakayewapimia, kwa sababu uzito huo si kipimo cha kitu chochote kilichoko ardhini.

Kwenye kuzidisha, hesabu hiyo hiyo ya mahali pa kugeukia inatoa 4.08 gawanya kwa 1.5, yaani 2.72. Swali linalobaki mezani ni hili: je, mita ya mtaro kwenye kinamasi kile inazidi mara 2.7 ya mita kwenye nyasi tambarare? Hilo nililipeleka kwa yule mzee, na hakufikiri sana. “Mara tatu ukienda kiangazi. Masika usiniite.” Nikaandika 5 na sikuona haya.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kupendelea kuzidisha. Namba zenyewe zinaweza kuwa mbaya vile vile, lakini zinakuachia swali ambalo lina mtu wa kulijibu.

Kuzidisha kunakosea wapi

Nisiisifu kupita kiasi. Kuna mambo ambayo hayazidishwi na mlima. Mwenye shamba akidai fidia ya mazao yake, fidia haiongezeki kwa sababu shamba limeinama. Ukichukua bustani ya miti ya matunda ambayo kuchimba ni 1 na fidia ni 2, ukaiita 3, kisha ukazidisha kwa 1.7 ya mteremko, unapata 5.1. Gharama halisi ni 1 × 1.7 + 2, yaani 3.7. Tofauti hiyo inatosha kuufukuza mstari mahali ambapo ulistahili kupita.

Kwa hiyo mimi sasa siandiki kuzidisha tupu. Uchimbaji unazidishwa na mteremko, halafu fidia na mengine yasiyojali mlima yanaongezwa nje, kwa kipimo kile kile cha mita za ardhi nyepesi:

```
r.mapcalc "k_m = if(mteremko < 5, 1.0, if(mteremko < 15, 1.2, if(mteremko < 30, 1.7, 3.0)))"
r.mapcalc "gharama = k_u * k_m + fidia"
r.cost -k input=gharama output=jumla outdir=uelekeo start_points=chanzo
r.path input=uelekeo vector_path=bomba start_points=tangi
```

Hizo ni amri za GRASS, ambazo unaweza kuziita hata ukiwa ndani ya QGIS. `k_u` ni rasta ya vigezo vya uchimbaji kwa ufuniko, na `mteremko` ni matokeo ya `r.slope.aspect` ukiwa umeweka `format=percent`. Usipoweka hivyo utapata digrii, na mteremko wa asilimia 30 utasomeka kama 16.7, ukaangukia daraja la chini bila onyo lolote. Alama ya `-k` inaruhusu hatua za farasi wa sataranji. Bila hizo, mstari unaokwenda kwa pembe isiyo ya kawaida unarefushwa hadi asilimia 8 kwa sababu tu seli ni miraba. Zikiwepo, makosa hayo yanashuka chini ya asilimia 3.

Kumbuka pia kwamba `r.cost` hujumlisha kwa seli. Kwa seli za mita 30, zidisha jumla ya mwisho kwa 30 ndipo upate mita za ardhi nyepesi. Ukisahau hutaharibu njia, lakini utampelekea mhandisi namba ya ajabu.

Kuvuka barabara ya lami nako ni gharama ya mkupuo, si ya kila mita. Kama kuvuka kunalingana na mita 120 za mtaro mwepesi, na barabara kwenye rasta ina upana wa seli moja ya mita 30, ongeza 4 kwenye seli hizo. Hiyo si sawasawa, maana anayevuka kimshazari atalipa zaidi, lakini inatosha. Angalia jambo moja tu: njia isizuiwe kufuata kando ya barabara. Ukingo wa barabara ni rafiki mkubwa wa bomba, na gari la vifaa linafika. Ukiipanua barabara kwa seli moja kila upande kwenye rasta, umeua nafasi hiyo.

Halafu kuna sifuri. Kwenye jumla, alama ya 0 iliyopita kimya inaleta dosari ndogo. Kwenye kuzidisha, kigezo cha uchimbaji kikiwa 0 seli inakuwa ya bure kama haina fidia, na njia itaikimbilia kama mtoto na mua. Ukiona mstari unafuata kwa uaminifu wa ajabu umbo fulani lisilo na maana, chunguza sifuri kwanza.

Makosa ya data yanaumiza upande gani?

Nilidhani kwa muda mrefu kwamba kuzidisha kunakuza makosa kuliko kujumlisha. Nikaja kukaa na kalamu.

Modeli za mwinuko za dunia nzima zilizo huru kwa wote, kama Copernicus GLO-30, hupima uso wa juu: vilele vya miti na paa za nyumba vimo. Kwenye ukingo wa msitu wenye miti ya mita 15, ardhi tambarare inaonekana imepanda ghafla mita 15. Mteremko huhesabiwa kwa dirisha la seli tatu kwa tatu, yaani mita 60 kutoka katikati ya seli ya upande mmoja hadi ya upande wa pili, na 15 gawanya kwa 60 ni asilimia 25. Mlima huo haupo. Utautambua kwenye ramani ya mteremko kama utepe mwekundu unaozunguka kila kipande cha msitu.

Seli ya msitu iliyo tambarare kweli, ikipata mlima huo wa uongo, inapanda kutoka 3.0 hadi 6.0 kwenye jumla yangu. Kwenye kuzidisha inapanda kutoka 2.0 hadi 3.4. Iliyokuza zaidi ni jumla, kwa kuwa alama za mteremko zinaruka 1, 3, 6, 9 bila kujali kama kuchimba kunapanda bei kiasi hicho. Dhana yangu ikafa hapo. Dawa ya utepe wenyewe ni moja kwa zote mbili: tumia modeli ya ardhi tupu kama ipo, au kwenye ukingo wa msitu chukua mteremko wa seli za nyasi zilizo jirani.

Ufuniko nao una mtego wake. Kwenye ESA WorldCover, yenye seli za mita 10, msitu ni namba 10, vichaka ni 20, nyasi ni 30, shamba ni 40, majengo ni 50, maji ya kudumu ni 80 na kinamasi cha majani ni 90. Hizo ni majina yaliyovaa nguo za namba. Ukizipeleka kwenye mita 30 kwa njia inayotafuta wastani, msitu na nyasi vinazaa vichaka ambavyo havijawahi kuota. Tumia daraja lililo jingi zaidi ndani ya seli, yaani `r.resamp.stats` na `method=mode`. Hata hivyo kijito chembamba chenye tope la upana wa mita 10 kitapotea kwenye seli ya mita 30, kwa namna zote mbili, na wewe utakikuta ukiwa umevaa viatu vibaya. Mito michoro yake iongeze kando, na iwe minene kiasi kwamba njia haiwezi kupenya kwenye pembe ambako seli mbili zinagusana kwa ncha tu.

Kitu ambacho zote mbili hazikioni

Sasa tuko ubavuni, na mzee amefurahi. Nilipochora wasifu wa njia ile ya kilomita 2.4, yaani mchoro wa kupanda na kushuka kwa ardhi kando ya bomba, nikakuta kwamba kilomita 3.1 kutoka kwenye chanzo inapita kwenye tandiko la kilima lenye mwinuko wa mita 1,631. Chanzo kiko 1,642. Mtu anayetazama haraka atasema maji yatapita, maana bado tuko mita 11 chini.

Hayatapita vizuri. Maji yakisafiri ndani ya bomba hupoteza msukumo kwa msuguano. Tukipanga upotevu wa mita 5 kwa kila kilomita, mstari wa msukumo kwenye kilomita 3.1 uko 1,642 toa 15.5, yaani 1,626.5. Bomba pale liko mita 4.5 juu ya mstari huo. Msukumo unakuwa hasi, hewa inajikusanya kileleni, na mtiririko unapungua au unakatika. Mteremko wa seli hauwezi kukuambia hili, kwa sababu seli haijui imekaa umbali gani kando ya bomba.

Hapo kuna ujanja ambao natamani ningeujua mapema. Urefu wa bomba hadi mahali fulani hauwezi kuwa mfupi kuliko mstari ulionyooka kutoka kwenye chanzo. Kwa hiyo ukihesabu msukumo kwa umbali ulionyooka, unapata kiwango cha juu kabisa kinachowezekana. Seli yoyote iliyo juu ya kiwango hicho haipitiki kwa upotevu huo, hata njia izunguke vipi. Unaweza kuifuta kabla ya kutafuta njia:

```
r.grow.distance input=chanzo_r distance=umbali
r.mapcalc "gharama2 = if(dem > 1642 - 0.005*umbali, null(), gharama)"
```

`dem` ni rasta ya mwinuko, na `chanzo_r` ni chanzo kikiwa rasta. Tandiko letu liko mita 2,700 kutoka kwenye chanzo kwa mstari ulionyooka. Kiwango cha juu pale ni 1,628.5, na ardhi ni 1,631. Linafutika. `r.cost` haipiti kwenye seli zisizo na thamani isipokuwa uiamuru kwa `null_cost`. Ukiona matokeo yote ni matupu isipokuwa seli chache kando ya chanzo, maana yake chanzo kimezungukwa: modeli ya mwinuko imekosea mita mbili tatu pale, na majirani wote wamefutwa. Waachilie ndani ya mita 100 za kwanza kisha uendeshe upya.

Kuchuja huku kunaondoa yasiyowezekana tu, hakuthibitishi yanayobaki. Njia ikishapatikana lazima uchore wasifu tena kwa urefu halisi wa bomba.

Upande wa pili, wa chini, ni rahisi zaidi, kwa kuwa maji yakisimama usiku vali ya tangi ikiwa imefungwa, msukumo ni tofauti ya mwinuko tu. Kinamasi chetu kiko mita 1,534, yaani mita 108 chini ya chanzo. Bomba la PN10 limetengenezwa kwa bar 10, kama mita 100 hivi za maji. Kwa hiyo waliokwenda matopeni wangelazimika pia kununua PN16 au kujenga tangi la kupunguza msukumo. Hilo halitegemei umbali, kwa hiyo linaingia kwenye seli bila taabu: kila seli iliyo chini ya mita 1,542 iongezewe tofauti ya bei ya bomba. Kwenye fomula yangu nafasi yake ni pamoja na fidia, nje ya kuzidisha. Kwenye jumla ya alama sijui ningeiweka wapi. Ni alama ngapi hiyo, na uzito wake upunguze wa nani?

Baada ya kuchuja, njia ilishuka chini kidogo ubavuni na kipande cha ubishi kikawa kilomita 2.7. Gharama yake ikawa 2.7 × 1.7, yaani 4.59, bado chini ya 7.5 ya kinamasi. Lakini mahali pa kugeukia palisogea: 4.59 gawanya kwa 1.5 ni 3.06. Na mzee alikuwa amesema mara tatu kiangazi. Ghafla ubishi ukafufuka, kama haukuwahi kuzikwa. Niliongeza tofauti ya PN16 upande wa kinamasi, ukatulia tena, ila sasa nilijua umetulia kwa sababu gani.

Uchague ipi

Ukiwa huna bei ya chochote, mradi uko kwenye hatua ya kuchagua bonde tu, na mezani wapo watu wanaojali vitu visivyo na bei, kama makaburi, chemchemi za mifugo au msitu wa hifadhi, kujumlisha kuna nafasi yake. Watu wanaelewa alama na uzito haraka kuliko vigezo vya mtaro. Ila usivipe vitu vilivyokatazwa alama 9 ukidhani umevikataza: futa seli zake kabisa. Na uzito ukipatikana kwa mbinu ya Saaty ya kulinganisha jozi, ile ya uwiano wa uthabiti chini ya 0.1, fahamu inapima kama ulijibu bila kujipinga. Haipimi kama ulijibu sawa na ardhi.

Ukiwa na hata bei tatu nne za kuchimba, zidisha, na fidia uiweke nje. Kisha usiendeshe mara moja. Endesha kinamasi kikiwa 3, 4, 5 na 6, uiweke mistari yote juu ya ramani moja. Mahali inapolala pamoja, mpeleke mpimaji aweke vigingi. Mahali inapoachana, bado huna njia, una swali.

Kwetu mistari iliachana hapo hapo ubavuni, kigezo cha kinamasi kikishuka chini ya 3 hivi. Tulikwenda na fimbo ya chuma ya mita mbili, mzee mbele. Kwenye ukingo wa kinamasi aliichoma kwa mkono mmoja, ikazama yote. Akaiacha hapo ikiwa imesimama, akageuka kuelekea kilimani.